Kumzoesha Kipusa

Mke wangu akipiga simu huuliza kwanza habari za ndama. Mimi huja baadaye, baada ya ng'ombe wakubwa na baada ya paa la banda. Nawaambia watu nimeshazoea. Uongo mtupu. Kila simu inapoita moyo unanienda mbio kama kijana anayechumbia, halafu nasikia, "Ndama wamekunywa?" na moyo unarudi mahali pake kimyakimya.

Yuko mbali. Anamtunza bibi mmoja mzee sana, mgonjwa, kwenye nyumba ya watu, nchi ambayo kwao kukipambazuka kwetu ndiyo kwanza tunapanda kitandani. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili ili tujenge banda la maana. Banda limesimama, lina sakafu ya saruji na mfereji wa kutolea uchafu, ng'ombe wamekuwa watatu, na yeye bado yuko huko huko. Mkataba uliongezwa mara moja. Siku hizi sisikii tena neno "mkataba", nasikia tu "bibi". Bibi amelala vizuri, bibi leo amecheka, bibi amekula kijiko baada ya kijiko. Nimeanza kumwonea wivu mwanamke wa miaka tisini, na sioni haya kusema.

Kabla hajaondoka, ndama walikuwa kazi yake na mimi nilikuwa mtu wa majani na kukamua. Siku ya kuagana alinishika mkono mbele ya banda. Nikajua sasa tunaagana kweli, macho yakaanza kunichoma. Kumbe alikuwa ananifundisha jinsi ya kumpa ndama vidole viwili anyonye huku unamshusha taratibu mpaka mdomo uguse maziwa. "Umeelewa?" akaniuliza. Nikasema nimeelewa. Gari likaondoka naye, na vidole vyangu vilikuwa bado vina mate ya ndama.

Basi nikawa mlezi. Mama mwenye duka la vyakula vya mifugo, pale kwenye kona, ananiita Yaya, na wateja wake wote wameliokota jina. "Yaya, watoto hawajambo?" Mimi huitikia tu. Yeye ndiye aliyeniuzia mfuko wa kwanza wa maziwa ya unga ya ndama. Maziwa yote tunayokamua yanatakiwa kwenye kituo cha kupokelea, na ndama naye ana tumbo, kwa hiyo wengi mtaani kwetu wameshahamia kwenye unga. Nilisoma maandishi ya mfuko mpaka nikayakariri. Nikanunua mizani ya jikoni, kipimajoto na ndoo yenye chuchu ya mpira. Nikawa mtu wa vipimo, mimi ambaye zamani hata chumvi nilitia kwa kukisia.

Mke wangu hakupendezwa. "Unga ni wa uji," aliniambia kwenye simu. "Ndama ana mama, mama ana maziwa, sasa wewe unaleta mfuko wa nini?"

"Ndama wote wawili wa kwanza wamekua nao. Uliwaona kwenye picha."

"Niliwaona. Walikuwa na macho ya huzuni."

Macho ya huzuni! Ng'ombe gani ana macho ya furaha? Lakini sikubishana. Ukiongea na mtu aliye mbali namna ile, dakika hazitoshi hata kwa mapenzi, sembuse kwa ugomvi.

Halafu akazaliwa Kipusa. Mama yake, Malkia, alikuwa ndama mchanga wakati mke wangu anaondoka. Alimnywesha kwa mkono wake tangu siku ya kwanza, na kwa muda mrefu baada ya kuondoka kwake ng'ombe yule alikuwa akisikia sauti ya mwanamke barabarani anainua masikio. Sasa Malkia amezaa jike, jekundu, lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nilimpiga picha ya video akiwa bado amelowa. Mke wangu aliitazama, akalia, na alipomaliza kulia akasema, "Nimeomba likizo. Wamenipa. Naja."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikwenda nikaanza kupaka chokaa ukuta wa jikoni jioni ile ile, kwa mkono, bila hata kubadilisha shati.

Alifika mchana wa jua. Alikuwa amepungua, na alinukia sabuni nisiyoijua. Tulikaa sebuleni kama wageni wawili waliokutana nyumba ya mtu wa tatu. Mimi namwambia karibu chai, yeye ananiambia asante. Kwenye simu tulikuwa na maneno mengi. Sasa yuko pale, magoti yake yanakaribia kugusa yangu, na maneno yote yamekimbia. Mwishowe akaweka kikombe chini kabla hajakinywa, akasema, "Twende nikamwone."

Kipusa alikuwa kwenye kizimba chake, juu ya majani makavu, ana kama wiki tatu na ushee. Mke wangu alichuchumaa, akanyoosha vidole viwili vile vile. Kipusa akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Kisha akazunguka, akapitia upande wa pili, akaja kuning'oa kifungo cha shati mimi.

"Hanijui," alisema.

"Ndiyo kwanza umefika. Atakujua."

"Mama yake alinijua saa ile ile aliyozaliwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anajifuta vidole kwenye sketi, na vidole vyenyewe vilikuwa vikavu. Moyo uliniuma kuliko kama angenitukana.

Asubuhi yake nilimwonyesha kazi yangu, na sitaficha, nilikuwa najigamba kidogo. Nilipasha maji, nikatia kipimajoto, nikangoja yashuke mpaka nyuzi hamsini kasoro kidogo. Nikapima unga kwenye mizani kama mfuko unavyoagiza, nikautia juu ya maji, nikakoroga mpaka hakuna donge. Nikapima tena. Yalipofika arobaini nikampelekea Kipusa, lita zake mbili, asubuhi mbili na jioni mbili, saa zile zile kila siku. Akanyonya mpaka chuchu ikapiga mluzi.

Mke wangu alitazama yote yale mikono kiunoni. "Maziwa ya Malkia yanatoka tayari yana moto wake," alisema. "Hayahitaji mizani."

"Maziwa ya Malkia yanakwenda kituoni."

"Naona. Kila mtu anayanywa isipokuwa mwanawe."

Alasiri nilikwenda dukani kuchukua mfuko mwingine, na mwenye duka akaniweka na maswali, Yaya mkeo amefika, Yaya mbona umenyoa. Niliporudi, nilimkuta mke wangu ameketi ndani ya kizimba, juu ya majani, kichwa cha Kipusa kiko mapajani mwake. Alikuwa amemkamua Malkia kabla ya wakati. Ndoo kubwa, ile ya lita tano, ilikuwa pembeni, na ndani yake kulikuwa na povu tu.

"Ananijua sasa," akaniambia. Alikuwa anacheka. Tangu ashuke kwenye gari nilikuwa sijaliona jino lake la pembeni, lile lililopinda, ambalo huonekana akicheka kikweli tu. "Njoo uone, ananinyonya mpaka kiwiko."

Nilijua. Mtu wa vipimo kama mimi nilijua vizuri kwamba ndama hahamishwi hivyo, kutoka unga kwenda maziwa ya ng'ombe kwa mkupuo mmoja, tena zaidi ya mara mbili ya kiasi alichozoea. Wakati nilipompeleka kwenye unga, baada ya kushiba maziwa yale ya kwanza mazito ya njano na ya siku zilizofuata, nilichukua wiki nzima: robo unga na robo tatu maziwa, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, ndipo unga mtupu. Tumbo changa linahitaji kubembelezwa. Lakini ningefungua mdomo, lile jino lingejificha. Nilifunga mdomo, nikaingia kizimbani, nikaketi naye. Kesho yake akampa tena. Nikanyamaza tena.

Keshokutwa yake asubuhi Kipusa hakuja kwenye lango la kizimba. Alikuwa amelala upande, mkia umelowa mpaka mapajani, na chini yake majani yamegeuka uji wa njano wenye harufu kali. Nilimshika masikio, baridi. Nilifinya ngozi ya shingo, ikabaki imesimama muda kabla ya kurudi. Macho yalikuwa yamezama ndani.

Mke wangu alisimama nyuma yangu. "Ni mimi," alisema.

 Hapo sasa hasira ilinipanda. Nilikuwa nimelea ndama hawa peke yangu, jua na mvua, bila hata mmoja kuharisha siku mbili mfululizo, na yeye amekuja na mapenzi yake ya ndoo nzima. Nilimpigia daktari wa mifugo huku natembea huku na huko, na nilihakikisha naongea kwa sauti ili mwenye makosa asikie. "Amebadilishiwa chakula ghafla, daktari. Ndiyo. Hapana, si mimi."

Daktari ni dada mfupi asiye na salamu ndefu. Alifika na pikipiki, akapima joto la ndama, akamfinya ngozi, akamtazama fizi. Akasikiliza maelezo yangu yote, nami niliyamwaga kama mtu aliye mahakamani. Kisha akasema, "Nipe ndoo unayomnyweshea wewe, mzee."

Nikampa kwa kujiamini. Inang'aa, unaweza kujitazama usoni. Daktari hakuitazama. Alichomoa ile chuchu ya mpira, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole. Kidole kilitoka na utelezi wa kijivu. Akaninusisha.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Unaosha na nini?" akauliza.

"Maji ya moto. Ya moto sana."

"Mara moja, moto sana?"

"Mara moja."

"Ndiyo maana. Maji ya moto yakikutana na maziwa yanayagandisha kwenye mpira. Suuza kwanza na ya vuguvugu mpaka maziwa yatoke. Ndipo ulete ya moto, na sabuni, na brashi, mpaka ndani ya chuchu. Suuza tena, halafu pindua vyombo vikauke. Usivirundike vikiwa vimelowa. Na hii chuchu ina nyufa, itupe." Akanawa mikono. "Kwa hiyo msigombane hapa. Mama amembadilishia ghafla na kumzidishia, tumbo likashindwa. Wewe ulikuwa unamfugia vijidudu vya kumsubiri. Mmesaidiana."

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimtazama kwa jicho la pembeni na nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kimya, amejiziba mdomo, huku machozi nayo yanamtoka. "Inang'aa," alinong'ona. "Unaweza kujitazama usoni." Nilikuwa nimemwambia maneno hayo hayo siku ileile aliyofika.

"Tumnyime maziwa leo, tumbo lipumzike?" nilimuuliza daktari, nikitafuta angalau jambo moja la kupatia.

"Umnyime ili afe kwa njaa? Maziwa anapata. Mrudishe kwenye unga wake aliouzoea, kwa kipimo chake, usiuongezee maji. Ila gawanya, kidogo kidogo, mara nne badala ya mbili. Katikati ya milo mpe haya." Akatoa pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. "Usichanganye na maziwa. Maziwa kivyake, haya kivyake. Mpashe joto, mbadilishie majani. Akikataa kunyonya kabisa au akishindwa kuinuka, nipigie nije nimtundikie maji ya mshipa."

Alipoondoka tulibaki tunatazamana, wakosaji wawili. Nikamwambia, "Nisamehe kwa zile kelele za simu." Akasema, "Nisamehe kwa ndoo." Tukaingia kazini.

Na ajabu ni kwamba siku zile za kuharisha kwa Kipusa ndizo zilizonirudishia mke. Sebuleni tulikuwa wageni, lakini kizimbani, tumepiga magoti kwenye majani, mmoja kashika kichwa na mwingine chupa ya maji ya chumvichumvi, tulikuwa sisi wa zamani. Tulimfunika gunia safi. Tulibadilisha majani mpaka mgongo wangu ukalalamika waziwazi, naye akanicheka akisema nimezeeka bila ruhusa yake. Nilikuwa na hamu naye kiasi kwamba hata akinikaripia nilisikia raha.

Mlo wa kwanza wa unga aliouandaa mke wangu aliuharibu. Nilimkuta amemwaga maji yanayotokota juu ya unga. "Yaue vijidudu," alinieleza. Ndani ya ndoo kulikuwa na vidonge vigumu chini na mafuta yanaelea juu.

"Hayo umeyapika," nilimwambia. "Maji yakichemka sana unga unaharibika, ndama hapati kitu. Yakiwa baridi nayo hauyeyuki vizuri, na tumbo la ndama linakasirika."

"Kwa hiyo natakiwa nimngoje huyu bwana kipimajoto."

"Unatakiwa umngoje."

Tukamwaga, tukaanza upya. Tulisimama kando ya jiko, mabega yamegusana, tunatazama ule mstari mwekundu ukishuka polepole. Hakuna kazi nyingine duniani inayokulazimisha kusimama karibu na mke wako bila kufanya chochote. Nilitamani usishuke. Ulipofika, akatia unga, akakoroga mwenyewe, akapima, akasubiri tena ufike kwenye joto la mwili wa ndama. "Arobaini," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa heshima.

Kipusa alinyonya robo tatu ya sehemu yake. Siku iliyofuata alinyonya yote. Mavi yalianza kushikana, na tulishangilia mavi yale kama watu waliopata mjukuu.

Ndipo simu yake ikaita.

Alikuwa ndiyo kwanza ameinua ndoo. Aliitazama simu, akaiweka ndoo chini, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha akitembea kandokando ya ukuta, mkono mmoja sikioni na mwingine umefunika jicho. Aliongea kwa lugha ya kule, kwa sauti laini ya kumbembeleza mtoto. Kipusa alikuwa anagonga ubao wa kizimba anataka chakula chake. Nilipima: yameshapoa, yako chini ya thelathini. Nikaweka ndoo ndani ya beseni la maji ya moto, nikayarudisha taratibu huku nakoroga, nikamnywesha mwenyewe.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Bibi hali chakula," alisema. "Tangu niondoke. Wamemletea mtu mwingine, mtu mzuri, lakini anafunga mdomo. Wameshika simu sikioni mwake nimwambie ale. Akala vijiko viwili."

"Wana hospitali kule."

"Wanazo."

"Wana watoto wa kumzaa."

"Wanao pia." Alichukua ndoo tupu, akaanza kuisuuza na maji ya vuguvugu, kama daktari alivyosema. "Amezoea mkono wangu."

Nilichukua brashi, nikasugua chuchu mpya mpaka karibu niitoboe.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa mkobani, naijua, lakini nilikuwa na tumaini langu la kijinga. Kuna watu huahirisha. Kuna watu hutazama banda lao, na jiko lililopakwa chokaa, na mume aliyenyoa, wakasema basi inatosha. Nilitaka kumwomba abaki, na kila nikifungua kinywa yanatoka maneno ya majani na mfereji. Mimi si mtu wa kuomba. Nimeishi miaka yote hii nikijibu "hatujambo" kwenye simu wakati nyumba imenielemea mpaka naongea na sufuria.

Kipusa alipona kabisa. Alianza tena kuruka ruka kizimbani kwa miguu yote minne na kutafuna vidonge vyake vya chakula kwenye bakuli. Alikuwa sasa anamkimbilia mke wangu kabla yangu. Daktari alipita akiwa njiani kwenda kwingine, akamtazama kutoka juu ya pikipiki, akasema tukitaka kumrudisha kwenye maziwa ya mama yake tunaweza, ila kwa ngazi, wiki nzima, na asiyumbishwe katikati.

Hapo nikapata njia yangu ya kuomba, maana tiketi yake haikuwa imebakiza hata wiki.

Asubuhi iliyofuata nilimkamua Malkia nikabakisha jagi moja pembeni. Nilipasha maji ya unga. Mke wangu alikuja na mizani. Jagi la maziwa lilikuwa mezani kati yetu, limefunikwa kitambaa, nami moyo ulikuwa unanidunda kama simu inaita.

"Nimefikiri," nilisema. "Ulikuwa unataka Kipusa anywe maziwa ya mama yake. Tuanze leo. Robo kwanza. Kituo tutakipunguzia kidogo kidogo, hakuna neno. Mimi nakubali."

Alinitazama. Akalitazama jagi. Mwanamke yule ananijua kuliko ninavyojijua. Alielewa mara moja kwamba sikuwa naongelea ndama.

"Itachukua wiki nzima," alisema.

"Wiki nzima. Na mtu mmoja awe anasimamia mwanzo mpaka mwisho."

Maji yalikuwa yanashuka. Wote wawili tulikikazia macho kipimajoto ili tusitazamane. Kisha akavuta mfuko, akachota unga, akapima kwenye mizani. Akachota tena. Nilikuwa nasubiri aishie robo tatu ya kipimo. Hakuishia. Alipima kipimo kizima, akasawazisha juu kwa kidole, akautia wote kwenye maji.

"Sitaki kumwanzishia kitu halafu nimwachie njiani," alisema.

Alikoroga muda mrefu, kuliko unga ulivyohitaji.

Basi nikasema. Sijui ujasiri nilitoa wapi. "Na mimi je? Na mimi nilizoea mkono wako. Bibi wa watu umemhurumia, ndama umemhurumia. Mimi uliniachisha kwa mkupuo mmoja, mchana, nje ya banda, ukanipa na maelekezo."

Aliacha kukoroga. Nilidhani atakasirika. Aliniwekea kiganja shavuni, kiganja chenye harufu ya maziwa ya unga, akaniambia, "Wewe una meno, baba."

Tulicheka. Tulicheka sana, tumeshikana, mpaka nikasikia kicheko chake kimegeuka kilio kwenye bega langu, na changu nacho hakikuwa mbali. "Kila siku nakutamani," alisema kwenye shati langu. "Naulizia ndama kwanza kwa sababu nikianza na wewe siwezi kumaliza simu." Nilimshika tu. Maziwa yalipoa kupita kiasi, ikabidi tuyapashe kwenye beseni.

Aliondoka kwa gari la asubuhi. Safari hii hakunipa maelekezo yoyote. Alinikumbatia mbele ya watu, mbele ya mwenye duka na wateja wake wote, na hakuna aliyethubutu kuniita Yaya.

Nilirudi bandani kwa sababu saa ya Kipusa ilikuwa imefika, na ndama hangoji huzuni ya mtu. Nilipasha maji, nikapima, nikakoroga, nikangoja peke yangu mbele ya jiko mpaka arobaini. Nilining'iniza ndoo kwenye ubao. Alikuja, akanusa mikono yangu, akanusa nyuma yangu, ndipo akakamata chuchu. Alikunywa yote. Lakini kila alipopumua aliinua kichwa akaangalia mlangoni, kisha akarudi kunyonya, kisha akainua tena. Sikumkaripia. Na mimi nilikuwa naangalia huko huko.